Malipo 480: lini pesa ya kumtafuta mteja inarudi

Anayeuza simu akitumia shilingi 500 kumvuta mteja, hujua siku hiyohiyo kama pesa yake imerudi. Simu imeuzwa, faida imeonekana, hesabu imefungwa. Anayeuza huduma ya kulipiwa kila mwezi hana bahati hiyo. Yeye hutoa pesa nyingi leo, kisha hurudishiwa kidogo kidogo, na katikati ya safari baadhi ya wale aliowagharamia huacha kulipa. Ndiyo maana swali lake la kwanza, kabla hata ya kuuliza faida ya mwaka, ni hili: nikimpata mteja leo, itachukua miezi mingapi kabla hajanirudishia nilichotumia kumpata?

Hesabu yenyewe huandikwa kwa mstari mmoja. Gharama ya kumpata mteja, gawanya kwa kinachobaki kila mwezi baada ya kumhudumia. Jibu ni miezi. Mstari huo ni sahihi, lakini nimeona watu wenye akili timamu wakiutumia na kupata jibu la mwezi mmoja mahali ambapo ukweli ulikuwa zaidi ya mwaka. Kosa haliko kwenye kugawanya. Liko kwenye namba mbili zinazoingizwa, na kwenye dhana kwamba wateja wote watakaa.

Tuchukue kampuni ya mfano huko Nakuru inayouza programu ya simu ya kuweka hesabu za duka. Mwenye duka anaandika mauzo, anaona bidhaa zilizobaki, na programu inawatumia wateja wake SMS za risiti na za kuwakumbusha madeni. Analipa shilingi 1,160 kwa mwezi kupitia Paybill. Tarakimu nimezipanga zigawanyike bila shida, ila aina za gharama ndizo zinazokutana na yeyote anayefanya kazi hii.

Kinachobaki kwa mwezi

Tuanze na hiyo 1,160, maana ndiyo inayodanganya mapema. Kampuni imesajiliwa kwa VAT, na kiwango cha kawaida Kenya ni asilimia 16. Shilingi 160 kati ya hizo ni za serikali. Kampuni inazishika tu hadi tarehe 20 ya mwezi unaofuata, siku ya mwisho ya kuwasilisha na kulipa KRA. Mapato halisi ni shilingi 1,000. Mtu akiweka 1,160 kwenye hesabu yake, tayari amejikopesha pesa ya kodi.

Kutoka kwenye 1,000 tunatoa kila gharama ambayo isingekuwepo kama mteja huyu asingekuwepo. Ada ya kupokea malipo kwa simu, tuseme 20, na hii hukatwa juu ya 1,160 nzima, siyo juu ya 1,000. SMS ambazo programu inatuma kwa niaba ya duka, 90. Seva na hifadhi ya data, 80. Kuna wakala aliyemleta, naye analipwa asilimia 5 ya kila malipo bila VAT, muda wote mteja anapokuwepo: 50. Halafu kuna mtu wa simu.

Huyu wa simu ndiye anayesahaulika zaidi. Ni mfanyakazi anayepokea maswali ya wenye maduka: nimefuta bidhaa kwa bahati mbaya, nimebadilisha simu, mbona jumla ya jana haifanani na pesa ya kwenye droo. Kwa sababu analipwa mshahara, wengi humweka kwenye gharama za ofisi pamoja na kodi ya nyumba. Lakini mfanyakazi mmoja hawezi kuhudumia maduka yasiyo na idadi. Katika mfano wetu anamgharimu mwajiri shilingi 40,000 kwa mwezi na anaweza kubeba maduka 250. Yakizidi 250, atahitajika wa pili. Gharama hii inakua pamoja na wateja, kwa hiyo ni ya mteja: 40,000 kwa 250 ni shilingi 160.

Jumla ya gharama za kumhudumia ni 400. Kinachobaki ni shilingi 600 kwa mwezi, na kuanzia hapa nitaiita baki. Hiyo 600 ndiyo pesa pekee inayoweza kurudisha gharama ya kumpata mteja. Mishahara ya waandishi wa programu, kodi ya ofisi na mhasibu haimo, kwa sababu haiongezeki mteja mmoja anapoongezeka. Kwa hiyo hata mteja akishamaliza kurudisha gharama yake, kampuni bado haijapata faida. Ameanza tu kuchangia mishahara hiyo.

Gharama ya kumpata mteja

Mwezi wa Januari kampuni ilipata maduka mapya 60 yaliyolipa kwa mara ya kwanza. Ukimuuliza msimamizi wa masoko alitumia kiasi gani, huenda akajibu 50,000, kwa sababu hiyo ndiyo bajeti ya matangazo ya mtandaoni. Gawanya kwa 60 upate shilingi 833. Ukigawanya 833 kwa bei ya 1,160, unaambiwa pesa inarudi kabla ya mwezi kwisha. Hili ndilo jibu la mwezi mmoja nililolitaja, na kila hatua yake inaonekana ya kuridhisha hadi uulize nani aliyekwenda kwenye maduka hayo.

Waliokwenda ni mawakala wanne wa mtaani, kila mmoja akimgharimu mwajiri shilingi 30,000 pamoja na mchango wa NSSF na tozo ya nyumba: 120,000. Msimamizi wao, 40,000. Nauli na muda wa maongezi, 28,000. Kamisheni ya shilingi 500 kwa kila duka lililolipa, 30,000. Kuna pia kijana anayetumwa wiki ya kwanza kumsaidia mwenye duka kuingiza bidhaa zake kwenye programu. Bila yeye duka halianzi, kwa hiyo gharama yake ya 20,000 ni ya kumpata mteja, siyo ya kumhudumia. Ongeza yale matangazo ya 50,000. Jumla ni shilingi 288,000, na kwa maduka 60 kila mteja amegharimu 4,800.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kwenye hiyo 60. Kwanza, ni maduka yaliyolipa, siyo yaliyojisajili. Kama kuna mwezi wa bure na maduka 110 yakauonja, kugawanya kwa 110 kunashusha gharama karibu nusu bila shilingi moja kuokolewa. Na gharama za kuwahudumia wale walioonja wakaondoka zinapaswa kuingia juu, kwenye 288,000, kwa sababu zilitumika kuwatafuta waliobaki. Pili, kazi ya wakala ya Desemba inaweza kuzaa malipo Januari au Februari. Ikiwa kwa kawaida mwenye duka huchukua wiki sita kuamua, ni busara kulinganisha matumizi na wateja wa mwezi unaofuata, au kuchukua jumla ya miezi mitatu mitatu. La sivyo, mwezi ambao mawakala walikuwa likizo utaonekana kuwa mwezi wa wateja wa bei rahisi kuliko yote.

Sasa mstari wetu: 4,800 gawanya kwa 600 ni miezi 8. Kama tungetumia bei bila VAT badala ya baki, tungepata 4.8. Kwa bei kamili ya 1,160, takriban 4.1. Wote wanatumia mstari uleule, na wote wataapa wamefuata kanuni.

Wateja wanapoacha

Miezi 8 ni jibu la dunia ambayo hakuna mteja anayeacha. Watu wengi huishia hapo, nami nadhani ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Badala ya kufikiria miezi, fikiria idadi ya malipo. Kundi la Januari liligharimu 288,000 na kila malipo yanaacha 600. Kwa hiyo kampuni inahitaji malipo 480 kutoka kwa kundi hilo, yatoke kwa nani na yatoke lini. Maduka yote 60 yakilipa kila mwezi, malipo 480 yanakamilika mwezi wa 8. Yakipungua, itachukua muda zaidi. Swali la miezi mingapi limegeuka kuwa swali ambalo taarifa ya Paybill inaweza kulijibu.

Kabla hatujaifungua taarifa hiyo, kuna makadirio ambayo ni vizuri kuyajua. Tuseme kila mwezi asilimia 5 ya waliokuwepo huacha. Mwezi wa kwanza wanalipa 60, wa pili 57, wa tatu karibu 54, na kuendelea. Kwenye jedwali la kompyuta hesabu huandikwa hivi, 0.05 ikiwa ni kiwango cha kuacha:

```
=LN(1-0.05*4800/600)/LN(1-0.05)
```

Jibu ni 9.96, yaani miezi 10. Weka 0.08 mahali pote penye 0.05, utapata 12.25, kwa hiyo malipo ya mwezi wa 13 ndiyo yanayofunga deni. Weka 0.10, inakuwa mwezi wa 16. Ukifika 0.125, kompyuta inakurudishia #NUM!, na hapo haijaharibika. Inasema ukweli. Wateja wakiacha kwa kasi ya mmoja kati ya wanane kila mwezi, jumla ya baki yote watakayowahi kuleta inakaribia shilingi 4,800 kwa kila mmoja bila kuifikia. Pesa hairudi kamwe.

Hiyo 12.5 haikutokea kwa bahati. Ni 1 gawanya kwa 8, ile miezi 8 ya hesabu rahisi. Kwa hiyo mtu anayeambiwa "pesa yetu inarudi kwa miezi 8" anaweza kujua papo hapo kasi ya kuacha ambayo juu yake biashara haiwezi kusimama: asilimia 12.5 kwa mwezi. Kwa miezi 12 mpaka huo ni asilimia 8.3. Kwa miezi 20 ni asilimia 5. Kadiri hesabu rahisi inavyokuwa ndefu, ndivyo wateja wanavyotakiwa kuwa watulivu.

Lakini wateja hawaachi kwa kiwango kimoja kila mwezi. Wengi huacha mapema: yule aliyeshawishiwa na wakala mwenye maneno mazuri, yule ambaye duka lake ni dogo mno kuhitaji hesabu za kompyuta, yule ambaye hakuwahi kumaliza kuingiza bidhaa. Wakishatoka hao, waliobaki hukaa sana. Na katika nchi ambazo malipo ya kila mwezi hufanywa na mteja mwenyewe kwa simu, bila kadi ya benki inayokatwa kimyakimya, kuna aina ya tatu: anayeruka. Alilipa Machi, Aprili biashara ikawa mbaya, Mei akarudi. Je, aliacha? Ukijaribu kuamua nani yupo na nani ameondoka utabishana na wenzako hadi jioni. Ukihesabu malipo, ubishi hauna nafasi: Aprili hakuleta kitu, Mei ameleta 600.

Kwa hiyo toa taarifa ya Paybill, panga malipo kwa namba ya akaunti ya kila duka, tafuta mwezi wa malipo yake ya kwanza, kisha hesabu malipo ya kila kundi mwezi baada ya mwezi. Kundi la Januari la kampuni yetu linaonekana hivi:

| Mwezi | Malipo | Jumla hadi hapo |
|---|---|---|
| 1 | 60 | 60 |
| 2 | 48 | 108 |
| 3 | 43 | 151 |
| 4 | 40 | 191 |
| 5 | 38 | 229 |
| 6 | 37 | 266 |
| 7 | 36 | 302 |
| 8 | 35 | 337 |
| 9 | 35 | 372 |
| 10 | 34 | 406 |
| 11 | 34 | 440 |
| 12 | 33 | 473 |
| 13 | 33 | 506 |

Malipo 480 yanavukwa mwezi wa 13. Siyo wa 8, wala siyo wa 10.

Angalia tofauti hiyo ilikotokea. Kuanzia mwezi wa 6 kundi hili halipungui kwa zaidi ya asilimia 3 kwa mwezi. Kampuni yenye mamia ya wateja wa zamani ikichukua wastani wa wateja wake wote, itapata kiwango kidogo cha kuacha na itajiona iko salama, kwa sababu wale wa zamani ni watulivu na ni wengi. Ila gharama ya kumpata mteja hulipwa kwa ajili ya wapya, na wapya ndio waliopoteza maduka 12 kati ya 60 ndani ya mwezi mmoja. Wastani wa kampuni nzima hauwezi kukuonyesha hilo. Ni lazima uangalie kundi kwa kundi.

Jedwali hilo pia linaonyesha pa kuweka nguvu. Tuseme yule kijana wa kuingiza bidhaa akiongezewa siku, mwezi wa pili unaleta malipo 54 badala ya 48, na hayo sita ya ziada yanaendelea kubaki kila mwezi. Kufikia mwezi wa 12 ni malipo 66 zaidi, na jumla ya mwezi wa 11 inakuwa 500 badala ya 440. Deni linafungwa mwezi wa 11, miezi miwili mapema. Kila shilingi anayoongezewa huyo kijana inaongeza gharama ya kumpata mteja, na bado muda wa kurudisha unapungua, mradi nyongeza hiyo isizidi faida ya malipo hayo. Ukitazama gharama peke yake ungemwachisha kazi.

Shimo la pesa taslimu

Kwa nini miezi mitano ya tofauti inipe wasiwasi hivi, ikiwa mwishoni kundi linalipa? Kwa sababu kampuni haitafuti wateja Januari tu. Februari inatoa 288,000 nyingine, na Machi nyingine, huku Januari ikiwa bado inarudisha kidogo kidogo. Pesa inayofungiwa ndani ya makundi ambayo hayajamaliza kulipa inajumlishana, na lazima itoke mahali: mfukoni mwa mwenye kampuni, kwa mwekezaji, au kwenye mkopo.

Tuhesabu kwa malipo, tukidhani kila mwezi unaleta kundi jipya la 60. Mwezi wa kwanza kampuni inatumia thamani ya malipo 480 na kupokea 60: upungufu 420. Mwezi wa pili inatumia 480 tena, na kupokea 60 za kundi jipya na 48 za lile la kwanza, jumla 108: upungufu 372. Utaona kwamba kinachopokelewa kila mwezi ni ile safu ya tatu ya jedwali letu. Ukiendelea hivyo hadi mwezi wa 12, upungufu wote ukijumlishwa unafika malipo 2,425, yaani shilingi 1,455,000. Hapo ndipo chini kabisa pa shimo. Mwezi wa 13 mapato yanazidi matumizi kwa mara ya kwanza na shimo linaanza kujaa.

Mwenye kampuni aliyeamini miezi 8 angefanya hesabu hiyohiyo akiwa na wateja wasioacha. Upungufu wake ungekuwa 420, 360, 300, na kushuka hadi sufuri mwezi wa 8, jumla malipo 1,680, yaani shilingi 1,008,000. Angetafuta milioni moja na kidogo, akaanza kazi kwa matumaini. Katika hali halisi, mwisho wa mwezi wa 5 upungufu wake ni shilingi 996,600. Mwezi wa 6 anaishiwa. Biashara yake haikuwa mbaya. Wateja wanaokaa wapo, bei ni nzuri, na kila kundi lingejilipa mwezi wa 13. Alikosa shilingi laki nne na nusu ambazo hakujua angezihitaji, na zaidi ya hapo kuna mishahara ya ofisi ambayo hatujaigusa.

Akiamua kukua haraka, kupata 120 kwa mwezi badala ya 60, shimo linaongezeka mara mbili huku muda wa kurudisha ukibaki uleule. Kwa hiyo muda peke yake hauelezi unahitaji pesa ngapi. Unaeleza utaishi ndani ya shimo kwa muda gani. Kina chake hutegemea kasi yako.

Njia inayopendwa ya kulipunguza ni kuuza mwaka mzima kwa bei ya miezi 10. Mwenye duka analipa 11,600, VAT ni 1,600, kampuni inabaki na 10,000 siku ya kwanza. Gharama ya kumpata ya 4,800 imerudi papo hapo, na ni kweli hilo linaokoa kampuni yenye pesa kidogo. Hata hivyo mteja huyo bado anatakiwa kuhudumiwa miezi 12, na huduma ni takriban 400 kwa mwezi, yaani 4,800 nyingine. Toa zote mbili kwenye 10,000 na kinachobaki ni 400 kwa mwaka mzima. Ukipima kwa baki, 5,200 kwa miezi 12 ni karibu 433 kwa mwezi, na muda wa kurudisha ni miezi 11. Pesa taslimu imerudi siku moja na faida imechelewa. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Hatari ni pale ile 10,000 yote inapotumika kutafuta wateja wengine, halafu mwezi wa saba bili ya seva inakuja na aliyelipia huduma hiyo alishalipa zamani.

Wateja waliokuja wenyewe

Jambo moja limebaki, na linahusu uamuzi wa kuongeza matumizi. Kati ya maduka 60 ya Januari, tuseme 15 yaliletwa na wenye maduka wenzao, bila wakala wala tangazo. Yangekuja hata kama kampuni isingetumia chochote kwenye mauzo. Kwa hiyo 288,000 ilinunua maduka 45, na kila moja liligharimu 6,400. Kwa baki ya 600 hiyo ni miezi 10.7 kabla ya kuhesabu wanaoacha, na mpaka wa kuacha unashuka kutoka asilimia 12.5 hadi takriban 9.4. Wastani wa 4,800 unafaa kueleza kampuni kwa ujumla ilivyo. Haufai kuamua kama mawakala wanalipa.

Na wakala anayefuata huwa na gharama kubwa zaidi kuliko wale waliotangulia, kwa sababu mitaa yenye maduka makubwa imeshapitiwa. Tuseme mawakala wawili wanaongezwa: mishahara 60,000, nauli 12,000, na wanaleta maduka 8 zaidi kwa mwezi, kamisheni 4,000. Jumla 76,000 kwa maduka 8 ni shilingi 9,500 kila moja, karibu miezi 16 kwa hesabu rahisi. Ukichanganya na wengine wote, wastani wa kampuni unapanda kutoka 4,800 hadi 364,000 gawanya kwa 68, yaani 5,353, ongezeko ambalo kwenye ripoti linaonekana dogo. Ile 9,500 imejificha ndani yake. Mpaka wa kuacha kwa maduka hayo manane ni takriban asilimia 6.3 kwa mwezi, na tayari tumeona kwamba kundi la kawaida hupoteza asilimia 20 kati ya malipo ya kwanza na ya pili.

Hakuna haja ya kungoja miezi 13 ili kujua kundi jipya linaelekea wapi. Kundi la Januari lilikuwa na malipo 151 kufikia mwezi wa tatu. Ikiwa kundi la Mei, nalo la maduka 60 na gharama ileile, lina malipo 60, 42 na 36, jumla ni 138, na cha kutazama zaidi ni hiyo 36 ya mwisho: Januari ilishuka hadi idadi hiyo mwezi wa 7. Hata kama kuanzia hapo kundi la Mei litapungua taratibu kama lile la kwanza, litakuwa na takriban malipo 28 kwa mwezi likifika mwezi wa 12, na 480 zitakamilika karibu na mwezi wa 15 badala ya 13. Hapo ndipo pa kumwita msimamizi wa mawakala na kuuliza ni mitaa gani ilipitiwa mwezi wa Mei, na maduka hayo yana ukubwa gani.